Golikiki fupi au ndefu: tazama kwanza nani amebaki nyuma

"Mwalimu, vijana wangu hapa Malindi wanatazama ligi za Ulaya kila wikendi, na sasa kipa hataki tena kubutua. Kila golikiki anaanzia kwa beki. Wazee wa kandokando wanapiga kelele, 'Toa hiyo! Toa!' Nimsikilize nani?"

Wazee hao walicheza chini ya sheria nyingine, kwa hiyo tusiwacheke. Zamani mpira wa golikiki ulilazimika kutoka nje ya eneo la penalti kabla mtu yeyote hajaugusa. Beki akiugusa ndani, unarudiwa, na mabeki wajanja walioona wamebanwa walikuwa wakiingia makusudi kuugusa ili upigwe upya. Tangu Juni 2019 mpira uko mchezoni mara tu unapopigwa na kuonekana umesogea. Beki anaweza kuupokea hatua tatu kutoka kwa kipa. Wapinzani bado wanakaa nje ya eneo, mita 16.5 kutoka mstari wa goli, lakini ukishasogea wanaruhusiwa kuingia mbio.

Faida ya kuanza fupi ni hesabu tu. Kipa wao habanduki golini kwake, kwa hiyo kwenye mchezo wenyewe wao ni 10 na nyinyi, pamoja na kipa wenu, ni 11. Wakiamua pia kuacha beki mmoja wa ziada nyuma kwa usalama, huku kwenu mnawazidi wawili. Mtu wa bure, asiyekabwa, yuko daima. Kazi ni kumpata kabla hajafikiwa, na mtu wa bure haonekani mpaka mpinzani aondoke mahali pake kuja kukaba. Ndiyo maana timu nzuri haziikimbii presha. Zinaiita.

Aliyefanya jambo hili lionekane wazi kuliko wengi ni kocha Roberto De Zerbi alipokuwa Brighton ya Uingereza. Kipa Jason Steele anampa beki Lewis Dunk mpira mfupi, na Dunk anaweka unyayo juu yake na kusimama. Hafanyi kitu. Mpira ukiwa chini ya unyayo hauonyeshi unakwenda upande gani, na mshambuliaji anayemkabili hana dalili ya kumwambia sasa ingia. Akibaki palepale, Dunk anasubiri. Akichoka kusubiri na kumvaa, amemwacha mtu nyuma yake, na hapo ndipo mchezo unaanza.

Pasi inayofuata ndiyo wengi huiga vibaya. Dunk hampi mtu aliye wazi. Anampa kiungo ambaye amekabwa mgongoni, kiungo anayesogea kuufuata mpira dakika ya mwisho badala ya kuungoja amesimama. Kiungo huyo hageuki. Anaugusa mara moja tu, kwa pembe, kwa beki mwingine au kwa kiungo mwenzake anayetazama mbele. Mguso huo mmoja umewaacha nyuma watu wawili: mshambuliaji aliyemvaa Dunk, na yule aliyemfuata kiungo mgongoni. Aliyepokea sasa anatazama goli la wapinzani akiwa na mawinga wake waliosimama juu na pana, na mabeki wa upande wa pili wamebaki na nafasi kubwa ya kulinda. Msimu wa 2022/23 Brighton walimaliza nafasi ya 6 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, wakicheza hivi.

Sasa upande wa wazee. Septemba 15, 2019, sheria mpya ikiwa na miezi michache tu, Arsenal walikwenda Watford na wakaongoza 2-0 hadi mapumziko. Kipindi cha pili wakaanza golikiki moja fupi. Kipa Bernd Leno alimpa beki Sokratis ndani ya eneo, Watford wakaja, pasi ya Sokratis ikanaswa papo hapo, na Tom Cleverley akafunga. Mechi iliishia 2-2. Ukiirudia video, utaona kwamba tatizo halikuwa ufupi wa golikiki. Sokratis alipokea huku wapinzani tayari wanakuja, na pasi yake ilipita katikati mbele ya goli lake mwenyewe. Presha iliitwa, lakini njia ya kuipita haikuwa imeandaliwa kabla ya mpira kupigwa. Nusu ya makosa ninayoyaona kwenye timu za vijana ni hili: wameiga mwaliko, wakasahau mlango wa kutokea.

Kuna na hasara ya pili, isiyo na aibu kubwa lakini inachosha: mwaliko unaokataliwa. Mei 2023 Everton, wakipigania kutoshuka daraja, walikwenda Brighton na kushinda 5-1. Hawakukimbilia chambo. Walikaa chini, wakanyakua mpira na kupiga mashambulizi ya kushtukiza. Ukisimama na mpira chini ya unyayo na mtu haji, umebaki na mpira mita 8 kutoka goli lako na wapinzani 10 wamejipanga mbele yako. Siku kama hiyo beki anapaswa kutembea na mpira mbele mpaka mtu alazimike kutoka. Kuendelea kungoja ni ukaidi.

Lakini hiyo ni Ulaya, na nyasi zao zinamwagiwa maji. Twende kwenye kiwanja chetu cha mchanga.

Mshambuliaji aliyesimama ukingoni mwa eneo la penalti ana kama mita 10 kumfikia beki anayepokea karibu na boksi dogo. Kijana mwenye mbio, akianza kutoka kusimama, anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Pasi ya mita 15 kwenye nyasi nzuri inafika kwa sekunde moja na kidogo, na beki anabaki na muda wa kugusa na kuinua kichwa. Kwenye mchanga mpira unapoteza kasi, unaruka juu ya donge la mchanga, na pasi ileile inafika pamoja na mshambuliaji. Mwaliko ni uleule, ila jibu limecheleweshwa na ardhi. Kwa hiyo kama kiwanja chenu ni mchanga mtupu, pasi ya kwanza iwe ya mita 7 au 8 na si 15, na beki apokee kwa mguu ulio mbali na mkabaji, mwili umefunguka kuelekea uwanjani. Akipokea akiwa ametazama goli lake, mwambie aupeleke nje tu.

Tena kuna upepo. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba hivi, kipa anayepiga dhidi ya upepo anaweza kuupiga kwa nguvu zote ukaning'inia na kushuka kabla ya katikati ya uwanja, ukiwakuta viungo wao wanautazama unavyokuja. Hiyo golikiki ndefu haina maana hata kidogo. Akipiga na upepo, mpira unaruka mara moja na kumfikia kipa wao. Wanaosema "toa" huwa hawasemi itoke kuelekea wapi.

Hata hivyo golikiki ndefu ina zawadi ambayo nyingine haina: mtu hawezi kuotea kwa mpira unaotoka moja kwa moja kwenye golikiki. Straika wenu anaweza kusimama nyuma ya beki wao wa mwisho na refa asiinue mkono. Beki mwenye akili lazima arudi naye. Sasa fikiria wapinzani waliokuja kukaba juu: washambuliaji wao wako ukingoni mwa eneo lenu, mabeki wao wamerudishwa na straika wenu, na katikati kuna uwazi ambao viungo wawili hawawezi kuujaza. Mpira mrefu ukishuka hapo, mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa, uko wazi kwa atakayeufikia kwanza. Kwa hiyo wekeni watu wenu watatu pale kabla kipa hajapiga.

Wengi hupitwa na hili: zawadi hiyo inaisha mara tu kipa anapoanza fupi. Akimpa beki, beki akamrudishia, kisha kipa akabutua, mpira huo si golikiki tena. Straika aliyesimama nyuma ya mabeki anaotea, na mabeki wao wanaweza kupanda na kubana uwanja. Kuita presha kwa pasi fupi kunawavuta wapinzani wengi zaidi, maana wanaingia ndani kabisa, lakini unalipa kwa kupoteza kinga ya kuotea. Kuita kwa mpangilio tu, yaani kuwasimamisha mabeki wa kati pembeni mwa boksi dogo kana kwamba mnaanza fupi kisha kupiga ndefu moja kwa moja, kunaiacha kinga mkononi ila wapinzani wanakuja nusu tu. Huwezi kupata vyote viwili.

Kwangu mimi, kwenye kiwanja cha mchanga na vijana wa umri huo, ningechagua kuita kwa mpangilio mara nyingi zaidi. Jipangeni fupi kila golikiki, bila kukosa. Kipa ahesabu kitu kimoja: wapinzani wangapi wamebaki kwenye nusu yao na washambuliaji wetu. Wakibaki wanne dhidi ya watatu wetu, huku kwenu kuna watu sita tu wa kukaba saba wetu na kipa, basi aanze fupi, mtu wa bure yupo. Wakibaki watatu kwa watatu, ina maana wamekuja mtu kwa mtu, basi apige ndefu juu yao, na upepo ukiwa dhidi yake aulenge upande wa winga, mpira wa chini wenye kasi, si ule wa kupaa.

Na kipa wenu ana tabia moja ya kumrekebisha. Makipa wa mchanga hukwangua kwa kisigino wakajenga kilima kidogo cha kuinulia mpira. Wapinzani wanakiona. Kilima kikijengwa, wanarudi nyuma kungoja ndefu. Kisipojengwa, wanasogea kukaba. Siri yote imeshatoka kabla ya kupiga. Mwambie ajenge kilima kila mara, hata anapokusudia kumpa beki, na kila pasi ya kurudishiwa ipite nje ya milingoti ya goli, ili ikimpita chini ya mguu iwe kona na si goli.

Wazee wapewe nao kazi ya kuhesabu waliobaki nyuma. Wakishakubaliana kwa namba, ndipo wapige kelele.