Safu ya muda kwenye daftari la treidi: inachosema na isichosema

"Nina treidi 180 za dhahabu tangu Januari, zote kikomo R 1 na lengo R 2. Zilizofungwa ndani ya dakika 20 zimenila R 35, zilizokaa zaidi zimenipa R 41. Saa nne hadi saa tano asubuhi ndiyo mbaya, hasa nikiingia kiwango kinapovunjwa. Niachane na treidi fupi?"

Kwa sababu ya namba hizo peke yake, hapana. R 1 ni kiasi unachopoteza kikomo, yaani bei ya kukata hasara, kikigongwa. Nimemwomba ndugu huyu anitumie faili lake na bei za kila dakika kutoka programu yake ya kutreidi, MT5. Nimekaa nalo jioni mbili, na ninaeleza nilichokiona kwa urefu kidogo kwa sababu wengi tunajikwaa hapo hapo.

Kwanza niwape haki yao wanaogawanya daftari kwa setapu, saa na muda. Jumla haifundishi kitu. Huyu ameshinda treidi 62 na kupoteza 118, kwa hiyo amebaki na R 6. Ukitazama R 6 tu hutajua kama ana setapu moja nzuri inayobeba tatu mbovu, au kama zote nne zinaelea palepale kwenye sifuri. Anayegawanya anatafuta mahali pesa inapotokea na mahali inapovujia. Ni swali la haki, na mtu aliyeandika kila treidi kwa miezi sita anastahili jibu.

Shida ni kwamba safu tatu anazotumia hazifanani. Jina la setapu na saa ya kuingia vinajulikana kabla hujabonyeza kitufe. Muda wa kushikilia unajulikana treidi ikishafungwa. Unaweza kuamua kesho usiingie saa nne asubuhi. Huwezi kuamua usiingie kwenye treidi itakayodumu dakika 12, kwa kuwa wakati wa kuingia hakuna ajuaye itadumu dakika ngapi. Wanaosema safu hiyo isitumike kukata treidi huonekana wavivu wa hesabu, au watu wanaotetea hasara zao. Mimi naona wao ndio waliofanya hesabu hadi mwisho.

Chukua sarafu. Kichwa kikitokea unapanda shilingi moja, upande wa pili ukitokea unashuka moja. Mchezo unakwisha ukifika chini kwa moja au juu kwa mbili, yaani uwiano uleule wa kikomo R 1 na lengo R 2. Sarafu haina upendeleo, kwa hiyo hakuna ujuzi hapa wala setapu. Cheza michezo 120 na uandike kila mmoja kwenye daftari.

Nusu yake, michezo 60, kwa wastani itakufa kwenye mrusho wa kwanza, na yote ni hasara: toa shilingi 60. Mchezo wowote uliovuka mrusho wa kwanza upo juu kwa moja. Kati ya hiyo 60 iliyobaki, 40 itafika kwenye lengo na kuleta shilingi 80, na 20 itarudi chini na kula 20. Faida ni shilingi 60. Jumla ya daftari zima ni sifuri, kama inavyopaswa kuwa kwa sarafu.

Sasa soma daftari hilo kwa safu ya muda. Michezo ya mrusho mmoja haikushinda hata mara moja. Michezo mirefu zaidi imeshinda mara mbili kwa kila tatu. Mchezo ulioshinda umechukua wastani wa mirusho 2.67, ulioshindwa 1.67. Mtu yeyote akionyeshwa jedwali hilo bila kuambiwa limetoka wapi ataapa kwamba siri ni subira, na kwamba haraka ndiyo inayomla. Lakini hapakuwa na haraka wala subira. Kikomo kilikuwa karibu na lengo lilikuwa mbali, basi. Kinachogongwa karibu hugongwa mapema.

Ninalirudia hili kwa sababu daftari la ndugu yetu lina umbo hilohilo. Treidi 80 fupi zina ushindi 15. Treidi 100 ndefu zina ushindi 47. Kwa kikomo R 1 na lengo R 2, ukiingia kwa kubahatisha na tukiweka gharama kando, unatarajia ushindi 60 kati ya 180. Yeye ana 62. Pengo linaloonekana kubwa kati ya fupi na ndefu, R 35 za hasara dhidi ya R 41 za faida, lingeweza kutokea hata kama anaingia kwa kurusha sarafu.

Je, safu ya muda itupwe? La, iulizwe swali jingine. Badala ya kuuliza treidi iliyodumu zaidi ya dakika 20 ililipa kiasi gani tangu kuingia, uliza ilikuwa wapi dakika ya 20 ilipofika, na kutoka hapo hadi kufungwa iliongeza nini. Kwenye sarafu jibu liko wazi: michezo 60 iliyovuka mrusho wa kwanza ilikuwa tayari juu kwa moja kila mmoja, shilingi 60, na ikaishia na shilingi 60. Kushikilia hakukuongeza hata senti.

Kwenye jedwali lako hesabu ni mistari miwili. Unahitaji bei ya dakika ya 20 kwa kila treidi ambayo bado ilikuwa wazi, kisha:

```
R20    = (bei_dakika20 - bei_kuingia) / (bei_kuingia - kikomo)
baada  = R_mwisho - R20
```

Inafanya kazi kwa kununua na kuuza bila kubadili alama, kwa sababu kwenye kuuza kikomo kiko juu na sehemu zote mbili za mgawanyo hugeuka pamoja. Uwe mwangalifu na jambo moja: kikomo kiwe kile cha mwanzo, kabla hujakisogeza. MT5 ikikuonyesha S/L, yaani kikomo, kwenye historia, mara nyingi ni ya mwisho, na ukiwa umeipeleka kwenye bei ya kuingia mgawanyo wako utakuwa kwa sifuri.

Nilipofanya hivyo kwenye treidi zake 100, dakika ya 20 zilikuwa tayari zimebeba R 36. Zilifungwa na R 41. Saa zote alizokaa akishikilia baada ya hapo zimemwongezea R 5, kwa treidi 100. Hilo ndilo jibu la swali lake kuhusu kushikilia, na liko mbali sana na ile R 41 aliyokuja nayo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili nisiyoweza kuipuuza. Treidi zenye kikomo kifupi kweli hulipa gharama kubwa zaidi. Tuseme spredi ya XAUUSD, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza dhahabu, ni senti 30 za dola. Ukiwa na kikomo cha dola 2, umeingia ukiwa umeshalipa R 0.15. Ukiwa na kikomo cha dola 10, umelipa R 0.03. Kwa treidi 80 tofauti hiyo ni karibu R 10, na hiyo si bahati. Ila angalia kinachobeba sababu hapa: ni umbali wa kikomo, ambao aliuchagua mwenyewe kabla ya kuingia. Kwa hiyo ninamshauri, anapotafuta treidi za kukata, aache safu ya dakika na atumie safu ya umbali wa kikomo kwa dola. Itamwambia alichokuwa anakitafuta, bila kuchungulia matokeo.

Twende kwenye saa nne asubuhi. Hapa wanaogawanya wana nguvu zaidi, maana saa inajulikana mapema. Lakini saa ya nani? Sisi Afrika Mashariki hatusogezi saa. London husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi, hivyo soko la London likifunguka saa mbili yao, kwetu ni saa tano asubuhi wakati wa baridi yao na saa nne wakati wa kiangazi. Ndugu yetu ameandika kwa saa ya ukutani kwake kuanzia Januari. Kisanduku chake cha "saa nne hadi saa tano" kina treidi 36 za kuvunja kiwango, ushindi 9, hasara R 9. Nilipokifungua, 18 ni za kabla ya mabadiliko, yaani saa moja kabla London haijafunguka: ushindi 3, hasara R 9. Nyingine 18 ni za baada ya mabadiliko, saa ya kwanza ya London yenyewe: ushindi 6, sifuri kamili. Hasara yote ya kisanduku imekaa upande mmoja, na yeye alikuwa karibu kufuta pande zote mbili.

Anayesoma muda kutoka kwenye MT5 ana mtego mwingine. Broka wengi huweka saa ya seva kufuata New York, ambayo husogea Jumapili ya pili ya Machi, wiki mbili au tatu kabla ya London. Seva hizo huwa nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi, kisha zinalingana nasi. Njia salama ni safu ya "dakika kabla au baada ya London kufunguka".

Kwa saa hiyo mpya, ukiongeza treidi 9 za kiangazi zilizoingia saa tatu hadi saa nne zetu (ushindi 2), kuvunja kiwango kabla ya London kuna treidi 27, ushindi 5, hasara R 12. Kwa kubahatisha ungetarajia ushindi 9. Inatisha, na sababu yake inaeleweka: soko ni jembamba, kiwango kinapitwa kidogo kisha bei inarudi ndani. Lakini setapu 4 mara vipindi 3 vya siku ni visanduku 12, na kwa kawaida kibaya kuliko vyote kati ya 12 huanguka umbali kama huo hata bila sababu. Kwa hiyo sisemi kimethibitika. Nasema ni mshukiwa, na ndiye pekee mwenye maelezo yanayosimama bila hizo namba.

Nimemwambia aendelee kuichukua kwa robo ya ukubwa, treidi 30 zijazo, kipindi hicho tu. Jina la setapu aliandike kabla ya kubonyeza, na picha ya chati yenye saa. Kwenye faili lake niliona treidi 11 za hasara zilizoitwa "nyinginezo" na hakuna hata moja ya faida yenye jina hilo, na nikimuuliza alikiri kwamba majina mengi aliyaandika usiku, akishajua iliishaje.