Kitenge cha mama mdogo hakikufichwa, kilipotea kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili

Mama mdogo wangu anauza vitenge pale Mwanga, hapa Kigoma. Mwezi uliopita aliweka vitenge tisa kwenye duka moja la mtandaoni, picha nilimpigia mimi. Siku chache baadaye mteja wake wa Dodoma akampigia simu: kile cha bluu chenye ndege hakioni. Kaperuzi kurasa zote, kuanzia bei ya chini hadi ya juu, hakipo.

"Mwanangu, wamenificha," aliniambia. "Wanaolipa ndio wanaoonyeshwa."

Nikawaandikia wenye duka. Jibu lilikuja haraka: bidhaa ipo, tafuta kwa jina utaiona. Kweli, nikaandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, kikaja. Wao wakafunga shauri hapo. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijawafikia watu, na nilijua bidhaa inayoonekana kwa jina lakini haionekani kwa kuperuzi ni dalili ya ugonjwa unaojulikana.

Nilichukua daftari. Nikachagua kupanga kwa bei, nikafungua ukurasa mmoja mmoja na kuandika jina la kila bidhaa. Duka lilisema lina bidhaa 47, kila ukurasa unachukua 12. Kurasa nne basi: 12, 12, 12 na 11. Mistari yangu ilikuwa 47 kamili. Mtu anayehesabu tu angeridhika. Lakini nilipopitia majina nikakuta kitenge kimoja cha manjano kimeandikwa mara mbili, ukurasa wa kwanza na wa pili, na cha mama mdogo hakipo popote. Majina tofauti yalikuwa 46.

Sababu ni bei. Vitenge 19 katika duka lile vilikuwa shilingi 15,000 kila kimoja, maana wauzaji wanaopanga meza jirani hawapishani bei. Bidhaa nane zilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo kundi la 15,000 lilianza nafasi ya 9 hadi ya 27, likavuka mwisho wa ukurasa wa kwanza. Na ombi linalopelekwa kwenye hifadhidata kwa ukurasa wa pili karibu kila mara huwa hivi:

```sql
SELECT id, jina, bei FROM bidhaa
ORDER BY bei
LIMIT 12 OFFSET 12;
```

Maana yake: panga kwa bei, ruka 12 za mwanzo, nipe 12 zinazofuata. Kila ukurasa ni ombi jipya linalopangwa upya, na wewe hukusema zenye bei sawa zipangweje. Hifadhidata ina uhuru wa kuzipanga inavyoona rahisi, na mpangilio huo unaweza kubadilika kwa kuwa tu `OFFSET` imebadilika. PostgreSQL na MySQL zote zimeeleza jambo hili wazi katika maelekezo yao. Basi ombi la kwanza likakiweka kitenge cha ndege nafasi ya 13, kikabaki nje ya ukurasa wa kwanza. Ombi la pili likakiweka nafasi ya 10, kikarukwa. Cha manjano kikafanya kinyume, kikaonekana mara mbili.

Kibaya zaidi, tukio hili mara nyingi si la bahati nasibu ya kila dakika. Data zisipobadilika, ombi lilelile kwa kawaida huleta jibu lilelile, kwa hiyo kitenge kinaweza kukosekana kwa kila mteja siku nzima, wiki nzima. Ndiyo maana mama mdogo aliamini kwamba kuna mtu amemficha, na mimi simlaumu.

Dawa ni neno moja: `ORDER BY bei, id`. Bei zikilingana, namba ya bidhaa iamue, na namba hiyo haijirudii.

Sasa kwa nini haikuonekana kwenye majaribio? Kwa sababu data za majaribio huwa tunazitunga kwa mkono: Bidhaa 1 kwa 1,000, Bidhaa 2 kwa 2,000, Bidhaa 3 kwa 3,000. Hakuna bei mbili zinazofanana, kwa hiyo kosa halina pa kutokea. Wenzangu, nawaomba kwa moyo wote, wekeni bidhaa 30 zenye bei moja. Pitieni kurasa zote, kusanyeni namba zote za bidhaa, kisha ulizeni maswali mawili: kuna iliyojirudia? Kuna iliyokosekana? Jaribio linalotazama kwamba ukurasa una bidhaa 12 na bei hazishuki lingepita bila shida siku ile ile kitenge kilipopotea.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba `id` haimalizi kila kitu. Ukipanga kwa mpya kwanza, halafu mtu akaongeza bidhaa wakati mteja yuko ukurasa wa kwanza, zote zinasogea nafasi moja na ya mwisho aliyoiona itarudi kichwani mwa ukurasa wa pili. Tiba yake ni kuacha kuhesabu za kuruka na badala yake kuomba zinazofuata baada ya ile ya mwisho aliyoiona. Hiyo ni kazi kubwa kidogo. Kuongeza `id` si kazi.

Mipaka ya kurasa nayo nilijaribu nikiwa hapo hapo. Chujio la rangi moja lilileta bidhaa 24 kamili, na chini pakatokea kitufe cha ukurasa wa tatu ambao hauna kitu. Mtu aligawa idadi kwa 12, akatupa baki, kisha akaongeza moja, hesabu inayokubali 23 na 25 lakini inakosea pale inapogawanyika sawasawa. Ndiyo sababu idadi za kujaribu ni 0, 1, 11, 12, 13, 24 na 25.

Halafu hili: nikiwa ukurasa wa nne nikachagua chujio la mawese. Likaniambia "Hakuna bidhaa". Mawese yalikuwepo, madumu matano, yote ukurasa wa kwanza, lakini anwani ilibaki na `page=4`. Kila chujio au mpangilio ukibadilika, rudi ukurasa wa kwanza. Na maneno "Hakuna bidhaa" yabaki kwa hali moja tu, pale ambapo jumla ni sifuri kweli. Nilizima intaneti nikatafuta tena, yakatoka maneno yale yale. Mtu wa Ujiji mwenye mtandao hafifu anaambiwa dagaa hakuna, naye anaamini.

Kutafuta: andika "vitenge" uone kama "kitenge" kinakuja, na "mgebuka" kwa "migebuka". Andika pia neno lenye nafasi mwishoni, maana simu huiweka yenyewe ukichagua neno inalopendekeza. Kwenye duka lile nafasi hiyo moja ilitosha kuleta sifuri.

Niliwatumia picha za daftari, mistari miwili ya kitenge cha manjano nimeizungushia wino mwekundu. Safari hii hawakusema nitafute kwa jina. Siku mbili baadaye nilipitia kurasa zote tena: mistari 47, majina 47, ndege wa bluu ukurasa wa pili. Nikampigia mama mdogo, akataka kwanza aone mwenyewe kwenye simu yake. Alipoona, akampigia mteja wa Dodoma nikiwa bado nimekaa pale mezani kwake. Chujio la mawese bado linabaki na `page=4`. Nimewaandikia tena leo asubuhi.