Kujitambulisha kwa lugha mbili bila kusema kila kitu mara mbili

Kwenye vikao vyenye wasikilizaji wa Kiswahili na wa Kiingereza kuna mtindo umeenea ambao naona umefika wakati wa kuuacha. Mzungumzaji anasimama, anasema sentensi moja kwa Kiswahili, anaitafsiri, anasema ya pili, anaitafsiri, mpaka dakika zake zinakwisha. Nia yake ni njema, hataki mtu aachwe nyuma. Lakini wanaojua lugha zote mbili wanasikia kila neno mara mbili, na wanaojua moja tu wanakatiwa uzi kila baada ya sekunde tano. Wakati wa zamu ya lugha wasiyoijua wanashika simu, na wakishaishika, sentensi inayofuata nayo inawapita.

Ninachokitetea ni hiki: lugha ibadilishwe pale wazo linapokamilika, na kila lugha ipewe kipande chake kinachojitosheleza. Kipande cha Kiingereza kisiwe kivuli cha kile cha Kiswahili. Kiseme yale ambayo msikilizaji wa Kiingereza anayahitaji.

Tuchukue kikao cha wadau wa maji vijijini, tuseme Dodoma. Ukumbini wako watu 40. Kati yao 28 ni wenyeviti na wahasibu wa jumuiya za watumia maji pamoja na watendaji wa vijiji. 7 ni wahandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wa halmashauri, hao lugha zote mbili wanazimudu. 5 ni wageni wa shirika linalofadhili, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye "asante sana". Mhandisi kijana amepewa dakika mbili ajitambulishe kabla ya kuwasilisha mada.

Kwa mtu anayesema kwa utulivu, dakika mbili ni kama maneno 200 hadi 220, na humo mna salamu na kusubiri zijibiwe. Kwa hiyo cha kwanza ni kuchagua lugha kuu. Wengi huchagua kwa kuangalia nani mkubwa ukumbini, au nani ametoa fedha. Mimi naona swali la kujiuliza ni jingine: nani akikosa neno hili hana mahali pengine pa kulipata? Wageni watano wana slaidi mbele yao, watatumiwa ripoti kwa barua pepe, na wamekaa karibu na wahandisi wanaoweza kuwanong'oneza. Mhasibu wa kijiji ana masikio yake na daftari. Hapo lugha kuu ni Kiswahili, hata kama mwaliko uliandikwa kwa Kiingereza.

Salamu iwe kwa Kiswahili kwa vyovyote vile, na iachiwe nafasi. "Hamjambo?" inadai jibu, ukiirukia sentensi inayofuata kabla ukumbi haujaitikia "hatujambo", umeonekana huna haja nao. Kama mbele kuna wazee, ongeza "shikamooni" na usubiri "marahaba". Ukisema "itifaki imezingatiwa", ishie hapo, usiitafsiri. Kazi yake ni kukuepusha kutaja vyeo vya meza kuu kimoja kimoja, na mgeni hapungukiwi kitu asipoisikia.

Mara tu baada ya salamu na jina, ndani ya sekunde 20 za mwanzo, isemwe sentensi moja ya Kiingereza: kwamba nitazungumza Kiswahili kwa dakika moja, kisha nitawageukia ninyi. Basi. Sentensi hiyo ndogo ndiyo wazungumzaji wengi huisahau, na ukosefu wake unaonekana kwa macho. Wageni wanaanza kugeukiana na kuuliza kwa kunong'ona, mhandisi wa karibu anaanza kutafsiri, na minong'ono hiyo inawavuruga hata wale wanaosikia vizuri. Mtu akijua zamu yake inakuja, anatulia.

Kisha kipande cha Kiswahili, bila kukatizwa:

"Mimi ni mhandisi wa maji, nashughulikia visima virefu na pampu za sola katika wilaya hii. Mradi ukishakabidhiwa kwa jumuiya, ni mimi ninayepita kila baada ya miezi mitatu kukagua pampu, mita na daftari la mapato. Leo nina jambo moja: jumuiya iweke benki kiasi gani kila mwezi ili pampu ikisimama fundi alipwe bila kupitisha mchango kwa wananchi. Nitawaonyesha hesabu ya kijiji chenye vituo 12 vya kuchotea maji. Wahasibu, naomba muandike, kwa sababu mwishoni nitawauliza takwimu za kwenu."

Hapo anapumua, anawageukia wageni kwa mwili mzima, na anaingia Kiingereza kwa sekunde 30. Haanzi upya na jina lake, limeshasikika na liko kwenye slaidi ya kwanza. Anawaambia kwamba takwimu zake zinatoka kwenye ukaguzi anaoufanya mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Kwamba mada itakuwa kwa Kiswahili kwa sababu wenye miradi wako hapa. Kwamba vichwa vya jedwali kwenye slaidi vimeandikwa kwa Kiingereza pia. Na kwamba maswali yaulizwe kwa lugha yoyote. Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililo tafsiri ya alichosema mwanzo isipokuwa ule ukaguzi, na huo ameurudia kwa sababu ndio unaompa mgeni sababu ya kuziamini namba zake.

Kugeuza mwili ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Ukibadili lugha huku macho yako palepale, wasikilizaji wa lugha ya kwanza hudhani bado unasema nao na wamepitwa. Ukigeuka, wanajua hii si zamu yao.

Sasa maneno yenye mitego. Kwa mhandisi huyu la kwanza ni "kisima". Kiswahili kinaliita hivyo shimo la mita sita lililochimbwa kwa jembe na sururu, na pia lile la mita 120 lililochimbwa kwa mtambo na kuwekewa bomba. Kiingereza kina neno kwa kila moja, "well" na "borehole". Akitumia lile la kwanza, mgeni anapata picha ya ndoo na kamba, na bajeti ya pampu ya sola inamshangaza. Dawa ni kusema "kisima kirefu" kwa Kiswahili tangu mwanzo, ili anapohama asilazimike kuchagua neno papo hapo.

La pili ni saa. "Tutarudi saa nane" ikitafsiriwa kwa haraka inakuwa "eight o'clock", yaani saa mbili ya usiku au ya asubuhi, kwa mtu anayehesabu kuanzia usiku wa manane. Mwenye haraka husoma namba badala ya wakati. Ni salama zaidi kuandika 14:00 kwenye slaidi na kuisema kila lugha kwa hesabu yake. La tatu ni "laki". Laki tano ni 500,000, na Kiingereza cha kawaida cha huku hakina neno moja la laki, kwa hiyo ulimi unaohama hujikwaa na mara nyingi huangusha sifuri. Kiasi chochote cha fedha kiwe kimeandikwa kwa tarakimu kabla hakijatajwa.

Fedha zinanileta kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote. Mzungumzaji anasalimia kwa Kiswahili, anatania kwa Kiswahili, anawasifu wananchi kwa Kiswahili, kisha akifika kwenye kiasi cha mradi, masharti na nani atawajibika, anahamia Kiingereza. Mara nyingi hana hila. Amezoea kuyasoma hayo kwenye nyaraka za Kiingereza na ndiko maneno yake yaliko. Ukumbi hausikii hivyo. Ukumbi unasikia kwamba Kiswahili ni cha salamu na Kiingereza ni cha mambo yenyewe, na kwamba mambo yenyewe hayawahusu. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza sana ubadilishaji wa lugha Nairobi na kuchapisha nadharia zake mwaka 1993, alieleza kuwa mtu akichagua lugha anachagua pia haki na wajibu uliopo kati yake na anayezungumza naye. Kwa hiyo ukikagua maandishi yako, pigia mstari kila namba, kila ahadi na kila ombi, kisha uangalie viko lugha gani. Vikiwa vyote upande mmoja, rekebisha kabla hujapanda jukwaani. Hayo pekee ndiyo yanayostahili kusemwa mara mbili.

Kuhusu kuchanganya ndani ya neno lenyewe, kama "tumeimplimenti" au "niliatendi": sarufi hapo ni ya Kiswahili, mzizi tu ndio mgeni, na kwa vijana wa Nairobi au Dar es Salaam wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni mazungumzo ya kawaida kabisa. Kwenye utambulisho wa mchanganyiko hayamfai yeyote. Asiyejua Kiingereza hapati mzizi, asiyejua Kiswahili hapati kiambishi. "Tumetekeleza" na "nilihudhuria" zipo. Pampu, mita, sola na bajeti hayana shida, yameshakuwa yetu.

Kukiwa na wakalimani kwenye vibanda, sahau yote niliyosema juu ya kugawa vipande. Chagua lugha moja ubaki nayo, na umwambie mratibu mapema ni ipi. Julai 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alipohutubia wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika kule Addis Ababa kwa Kiswahili, tukio lilikuwa la fahari, lakini wajumbe wengi walijikuta hawana tafsiri. Bunge la Kenya lina kanuni inayomtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo, na kwenye ukumbi wenye vipokea sauti naona kanuni hiyo inafaa kuazimwa.

Kwenye maswali, mhasibu akiuliza kwa Kiswahili jibu kwa Kiswahili mpaka mwisho, kisha wape wageni sentensi moja. Mgeni akiuliza kwa Kiingereza, usijibu kwanza. Geuka, useme: "Ameuliza kama akiba ya benki inatosha kununua pampu mpya au ni ya matengenezo tu." Ndipo ujibu, kwa Kiswahili, kisha umgeukie mwulizaji umjibu kwa ufupi kwa Kiingereza. Ukiruka hatua hiyo, watu 28 watasikia jibu la swali ambalo hawakulisikia, na atakayefuata kunyoosha mkono atauliza lilelile.