"Atakua, itaisha" ni ya kichwani, siyo ya mashavuni

Jumamosi sokoni Kiboriloni kulikuwa na mama mdogo na kichanga chake, mashavu yamekauka na kupasuka, yanatoa majimaji. Muuza nyanya akashatoa hukumu: "Huo ni ukoko wa utosini umeshuka, mwanangu. Atakua, itaisha." Hasira zilinipanda.

Ukoko haushuki mashavuni. Ule huanza wiki za mwanzo, magamba ya njano yenye mafutamafuta yamegandia utosini, pengine kwenye nyusi na nyuma ya masikio, na mtoto mwenyewe hana habari, ananyonya na kulala. Unalainisha kwa mafuta, unasugua taratibu kwa brashi laini, unaosha. Wengi wanafikisha mwaka umeshaondoka. Hapo bibi zetu wako sahihi, nakubali kwa shingo upande.

Hiyo ya mashavuni ni pumu ya ngozi, na ni habari nyingine. Mara nyingi hujitokeza baada ya mwezi wa pili au wa tatu, na inawasha. Mtoto wa umri huo hajui kujikuna, kwa hiyo anasugua shavu kwenye bega la mama, kwenye shuka, usiku kucha. Pua mara nyingi husalimika, na sehemu ya nepi pia. Na tuache kusubiri wekundu wa kwenye picha za vitabu! Kwenye ngozi zetu hugeuka kahawia iliyokolea au kijivu. Pitisha mgongo wa kidole: palipo na shida panakwaruza.

Halafu inahama. Akianza kutambaa, mashavu yanatulia, magoti na viwiko vinaanza. Akipita miaka miwili inaingia kwenye mikunjo: mbele ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, ngozi inakuwa nene. Mama anadhani la kwanza lilipona na hili ni jipya, kumbe ni lilelile. Ndiyo, watoto wengi hupata nafuu wakikua, lakini hiyo ni miaka.

Na ile tyubu ya "dawa tatu kwa moja" ya duka la dawa, yenye steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi! Wifi yangu aliuziwa bila swali hata moja. Shavu likang'aa haraka, kila mtu akamsifu muuzaji. Alipoacha, likarudi kwa kishindo. Steroidi kali kwenye uso wa kichanga inakondesha ngozi. Daktari akihitaji steroidi usoni, huanza na nyepesi, kama haidrokotisoni asilimia 1, kwa siku chache. Kazi kubwa ni ya mafuta ya mgando: mtoto akitoka kwenye maji ya vuguvugu, mpapase taulo, mpake tele ngozi ikiwa bado na unyevu, na urudie mchana. Baridi la Julai hapa Moshi, ongeza.

Isipotulia, hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Watu wanatoka nchi nyingine kuja kusomea hapo, sisi tunamuuliza muuza nyanya. Ukiona palipopasuka pameganda ukoko wa rangi ya asali, homa, au vidonda vidogo vya duara vilivyochimbika, nenda siku hiyohiyo.