Kumnyima mpinzani mzigo kunalipa lini?

Tarehe 1 Novemba 2018 wateja wa Dish, kampuni ya televisheni ya satelaiti ya Marekani, waliamka HBO, chaneli ya kulipia ya filamu na tamthilia, haipo. Haikuwahi kutokea kwa HBO tangu ianze, zaidi ya miaka 40 nyuma. Miezi michache kabla, mwenye HBO alikuwa amebadilika: AT&T ilikuwa imeinunua Time Warner, kampuni mama ya HBO, na AT&T hiyohiyo ilikuwa na DirecTV, mpinzani mkubwa wa Dish kwenye satelaiti. Kwa hiyo mwenye mzigo wa jumla sasa alikuwa na duka lake la rejareja, na duka la jirani limekosa mzigo.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema: hila hiyo, anataka wateja wote waje kwake. Labda. Lakini kumnyima jirani mzigo kuna gharama, na gharama hiyo huanza kulipwa siku ileile ya kwanza.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Mpinzani ana wateja 1,000 wanaotazama chaneli yangu, na kila mmoja ananipa faida ya dola 2 kwa mwezi kupitia kwake. Nikimkatia, dola 2,000 zimekwenda. Tuseme 100 kati yao wanakasirika na kuhama: 50 wanakuja kwenye king'amuzi changu, 50 wanakwenda kwa kampuni ya tatu ambayo bado nauzia. Wa kwangu wananipa dola 30 za faida ya rejareja pamoja na zile 2 za chaneli, yaani dola 1,600. Wale wengine wananirudishia dola 100. Jumla 1,700. Nimepata hasara ya 300 kila mwezi kwa ajili ya kumkomoa jirani. Wakihama 150 badala ya 100, kwa mgawanyo uleule, napata 2,550, na hapo hila inaanza kuwa biashara.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama muuzaji ana roho mbaya. Ni wangapi watahama, na wakihama wataangukia wapi. Aliyewahi kununua king'amuzi cha pili kwa sababu ya ligi moja tu anajua kuwa kuna bidhaa zinazohamisha watu. Chaneli ya mapishi haimhamishi mtu. Halafu kuna pengo kati ya faida ya jumla na ya rejareja: faida ya jumla ikiwa nono, kukata ni kujikata mwenyewe.

Hapo ndipo kesi ya serikali ya Marekani ya kuzuia AT&T kuinunua Time Warner ilipokwama. Jaji Richard Leon aliikataa tarehe 12 Juni 2018. Mabishano mengi yalikuwa juu ya chaneli za Turner, tawi jingine la Time Warner, kama CNN na TNT, ambazo huishi kwa ada za wasambazaji na kwa matangazo. Tangazo linataka macho mengi, na kila msambazaji anayekatwa anaondoka na macho yake. Hata upande wa serikali haukudai kwamba Turner ingefaidika kwa kuzima chaneli muda mrefu. Hoja yake ilikuwa nyembamba zaidi: mezani, Turner ingeweza kudai bei kubwa kwa kuwa mazungumzo yakivunjika, baadhi ya wateja wanaohama wangeangukia DirecTV. Turner ilijibu kwa kuwaahidi wasambazaji usuluhishi wa bei kwa miaka 7, bila kuzima chaneli wakati usuluhishi unaendelea.

Naona jaji alikuwa sahihi kuhusu kuzima kabisa, ila alikidharau kitisho chenyewe. Anayepoteza kidogo mazungumzo yakivunjika anaweza kununa muda mrefu zaidi, na bei hupanda bila chaneli yoyote kuzimwa.

HBO ilikuwa kitu kingine. Haikuwemo kwenye ahadi ya Turner. Haikuwa na matangazo ya kupoteza. Na mteja wa Dish aliyeikosa angeweza kuinunua moja kwa moja mtandaoni, HBO Now, kwa dola 14.99 kwa mwezi, bila hata kuhama Dish. Rudi kwenye hesabu yetu: kati ya wale 850 waliobaki kwa mpinzani, kila anayejiunga mtandaoni anapunguza hasara ya kukata, hata kama DirecTV haikupata mtu. Dish ililalamika kuwa inatakiwa ilipie idadi maalumu ya wateja hata kama hawapo; AT&T ilikana kuwa inaitumia HBO kama rungu. Sijui kilichosemwa mezani, lakini kwa tarakimu tu, kununa kulikuwa rahisi kwa HBO kuliko ilivyokuwa kwa CNN.

HBO ilirudi Dish mwaka 2021. Mwaka huohuo AT&T iliitenga DirecTV kuwa kampuni ya pembeni.