Chupa ya maziwa isubiri

Mtoto wa paka asiye na mama akilegea, mkono wa mlezi hukimbilia chupa. Ni huruma, lakini huruma hiyo ndiyo inayowamaliza wengi. Mtoto aliyepoa hatakiwi kupewa maziwa hata tone, hata kama hajala tangu asubuhi, na hili ningependa kila anayelea yatima alijue kabla hajajifunza kushika chupa.

Sababu iko tumboni. Katika wiki ya kwanza ya maisha, joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 35 na 37, chini kidogo ya la paka mkubwa. Likishuka kukaribia 34, utumbo husimama. Maziwa yakiingia hayasagwi wala hayasogei: yanabaki pale yakichacha, tumbo linajaa gesi na kubana mapafu. Kisha anacheua, na kwa kuwa hana nguvu ya kumeza vizuri, yaliyorudi huingia kwenye njia ya hewa. Siku mbili baadaye ni nimonia, na mlezi anasema mtoto alikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Huku kunyauka ambako wengi wanakuita ugonjwa si ugonjwa mmoja. Ni mwisho wa njia nyingi: kuzaliwa na uzito mdogo, maambukizi, kasoro ya moyo, kukosa maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga, ambayo utumbo huweza kuipokea kwa saa 16 hadi 18 tu tangu kuzaliwa. Lakini njia zote hupitia mahali pamoja. Mtoto anapoa, ananyonya kidogo, sukari ya damu inashuka, na asiye na sukari hawezi kutengeneza joto, basi anapoa zaidi. Katika siku zake za mwanzo hajui hata kutetemeka kwa baridi, na akiba ya sukari kwenye ini lake ni ya saa chache tu. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akilia kwa nguvu jioni anaweza kukutwa usiku wa manane amelala ubavu, mdomo baridi, ufizi umepauka.

Tuseme ni saa nne usiku. Mtoto ana siku sita, ana gramu 120 na jana alikuwa na 124. Ukimnyanyua anahisi kama kitambaa chenye unyevu. Kipimajoto chenye ncha laini, kikipakwa mafuta ya mgando na kuingizwa njia ya haja kubwa kwa takriban sentimeta moja, kinasoma 33.1. Ukimtilia kidole mdomoni hanyonyi.

Mfunge taulo dogo kavu, mwili mzima isipokuwa uso. Mlaze juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa mara mbili. Ukiibana chupa hiyo kwenye ndani ya kiwiko chako isikuchome hata kidogo, maana mtoto huyu hawezi kujisogeza ikizidi moto, na ngozi yake huungua bila kulia. Usimweke kwenye maji ya moto, usimpulizie kikausha nywele. Ukimpasha kwa haraka, mishipa ya ngozi inafunguka kabla moyo haujawa tayari, damu inakimbilia nje na shinikizo linaanguka. Nyuzi moja kwa saa, au zaidi kidogo, inatosha. Najua kwamba saa mbili za kungoja ni ndefu mno ukiwa umemshika mkononi.

Wakati joto likifanya kazi yake, mikono yako iwe kwenye sukari. Koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari nyeupe katika vijiko vitatu vya mezani vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chovya ncha ya kidole umpake ufizini na chini ya ulimi, matone mawili au matatu, kisha rudia kila baada ya dakika tatu. Usimmiminie. Asiyemeza anapakwa tu, ili sukari iingie kupitia utando wa mdomo badala ya kuelekea kooni. Sukari hii ni ya kumvusha tu, haishibishi, na haina haja ya kuendelea usiku mzima.

Saa nne na nusu kipimajoto kinasoma 33.7. Saa tano, 34.3, na ulimi wake umeanza kugeuka waridi. Hapa ndipo wengi wanaposhawishika, kwa sababu amelia mara moja. Subiri. Saa sita na robo, 35.6: anageuza kichwa, anakibana kidole kwa ulimi, na ukiweka sikio tumboni unasikia mgurumo mdogo. Mgurumo huo nauamini kuliko kilio.

Sasa maziwa, yaani maziwa maalumu ya unga ya watoto wa paka, maana ya ng'ombe yana protini na mafuta machache mno kwao na huwaharisha. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa hiyo huyu kikomo chake ni karibu mililita 5. Mlo wa kwanza mpe 2 tu, yawe na uvuguvugu wa mwili. Alale kifudifudi kama anavyolala kwa mama yake, kichwa kiinuke kidogo, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu. Chupa ikipinduliwa, chuchu idondoshe tone moja moja polepole. Ikitiririka, tundu ni kubwa. Maziwa yakitoka puani, simama hapo hapo, mwinamishe kichwa, mfute. Baada ya saa mbili, kama tumbo ni laini na joto limebaki juu ya 35.5, mpe 3, kisha 4 na nusu mlo unaofuata. Kila mlo msugue sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu hadi akojoe. Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri: ukiwa karibu mweupe anapata maji ya kutosha, ukiwa wa njano iliyokolea hayamtoshi. Kuvuta ngozi ya shingo, kama tunavyofanya kwa paka mkubwa, kunadanganya kwa umri huu.

Rudi sasa kwenye zile gramu 124 za jana. Mtoto mwenye afya huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Aliyeshuka gramu 4 alikuwa ameanza kwenda kabla hajapoa, na mizani ya jikoni ingemsema saa 12 mapema. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mizani na chupa ya bei ghali, nachukua mizani na kunyonyesha kwa sirinji. Pima asubuhi na jioni, uandike. Sanduku lao liwe na nyuzi 30 hadi 32 wiki ya kwanza, na upande mmoja uwe baridi kidogo ili wajichagulie.

Akipata nafuu kisha akaanguka tena ndani ya saa moja au mbili, au akipiga pumzi moja moja kwa mdomo wazi, kuna jambo lingine ndani ambalo taulo halifiki. Huyo anahitaji daktari wa mifugo usiku huo huo, kwa glukosi ya mshipani na oksijeni, akiwa amefungwa vile vile juu ya chupa yake njia nzima.