Siku 25 kati ya risasi na barua

"Nikipewa swali la kujadili kwa mizania chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, niseme Ujerumani na Austria ndizo zilizovianzisha, au niseme mataifa yote yaliteleza tu? Nikisema wote, naona sina hoja. Nikitaja wawili, naogopa nitaonekana nimependelea."

Hofu hiyo ya pili ndiyo inayoharibu insha nyingi. Watu hudhani mizania ni kugawa lawama mafungu sawa, kila dola lipate lake, asinung'unike mtu. Lakini mizani ikipimiwa vitu visivyolingana, lazima upande mmoja ushuke. Mwandishi wa haki ni yule anayeweka kila kitu kwenye kitanga chake, kisha akasema bila kumung'unya maneno upande upi umeshuka na kwa kiasi gani.

Insha tuliyoizoea shuleni ina vichwa vitano: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa, halafu mauaji ya Sarajevo. Kila kimoja hupewa aya na kazi imekwisha. Hakuna uongo humo, ila hakuna hoja kuu pia. Mambo manne ya mwanzo yalikuwepo mwaka 1911, Ujerumani ilipopeleka manowari yake Agadir kuitisha Ufaransa juu ya Moroko. Yalikuwepo 1912 na 1913, Balkani ilipopigana mara mbili. Mara zote hizo madola makubwa hayakuingia vitani. Sababu iliyokuwepo miaka yote hiyo haitoshi peke yake kueleza kwa nini ilikuwa 1914.

Chukua ubeberu, hoja tunayoipenda kwa sababu tunaujua kwa majeraha yake. Ugomvi wa makoloni ulikuwa na desturi ya kumalizwa kwa kubadilishana mali ya watu wengine. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na katika mapatano hayohayo ikapata kisiwa cha Heligoland. Ule mzozo wa Agadir uliisha kwa Ujerumani kuiachia Ufaransa Moroko na kumegewa sehemu ya Kongo ya Kifaransa, ikaiunganisha na Kameruni. Wagomvi wakubwa wa Uingereza katika makoloni walikuwa Ufaransa, ambayo nusura wapigane huko Fashoda, kwenye Mto Nile, mwaka 1898, na Urusi, waliyekuwa wakivutana naye Uajemi na Afuganistani. Mwaka 1914 Uingereza ilipigana upande mmoja na wote wawili. Na manowari ya Kiingereza Astraea ilipoipiga Dar es Salaam kwa mizinga tarehe 8 Agosti 1914, Ulaya ilikuwa tayari inaungua. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Heinrich Schnee, mwenyewe alitamani koloni lake libaki nje ya vita. Vita vililetwa kwetu kutoka huko, havikuanzia kwetu. Kama unataka kuutaja ubeberu, na ni haki yako, utaje ule wa Austria-Hangari kuitwaa rasmi Bosnia mwaka 1908. Huo ndio ulioiumiza Serbia na kuiaibisha Urusi.

Miungano nayo ni hivyohivyo. Italia ilikuwa mshirika wa Ujerumani na Austria tangu 1882. Vita vilipoanza ilikaa pembeni, na mwaka uliofuata ikaingia upande wa pili. Mkataba haukumburuta mtu aliyeamua kukaa. Ukitaka kujua vita vilianzaje, basi, lazima uangalie walioamua, na kwangu mimi uzito wote uko katika siku 25.

Archduke Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hangari, na mkewe Sophie waliuawa Sarajevo, mji wa Bosnia, tarehe 28 Juni 1914. Austria iliipa Serbia barua yake ya masharti tarehe 23 Julai. Katikati hapo sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa na huruma na Vienna, makao ya serikali ya Austria. Hata wafalme waliokuwa hawaipendi walichukizwa na mauaji ya mrithi wa kiti. Kama Austria ingeipiga Serbia wiki ile ya kwanza kwa hasira, huenda wengi wangenyamaza. Haikufanya hivyo. Ilifanya nini?

Tarehe 5 Julai mjumbe wake alifika Berlin, naye akarudi na ahadi ya Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, iliyothibitishwa kesho yake na Kansela Bethmann Hollweg, kwamba Ujerumani itasimama na Austria hata Urusi ikiingia. Wanahistoria huiita hundi iliyotiwa sahihi bila kuandikwa kiasi. Tarehe 7 Julai mawaziri wa Vienna walikaa, na isipokuwa mmoja, wakaona ushindi wa kidiplomasia peke yake hautafaa kitu: masharti yaandikwe makali kiasi cha kutarajiwa kukataliwa. Tarehe 13 Julai afisa waliyemtuma Sarajevo kuchunguza, Wiesner, akapiga simu ya maandishi kwamba hakuna kinachothibitisha serikali ya Serbia ilihusika katika kupanga mauaji. Taarifa hiyo haikubadili kitu.

Kwa nini basi wakachelewa? Sababu moja inanivutia kuliko zote, kwa sababu ni ya kawaida mno. Askari wengi walikuwa likizo ya mavuno. Jeshi la nchi ya wakulima liliwaruhusu vijana warudi kwao kuvuna, na mkuu wa majeshi, Conrad, aligundua kuwa likizo hizo zingeisha karibu na tarehe 25 Julai. Kuwaita mapema kungewashtua majirani na kuvuruga mavuno. Sababu ya pili: Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa anaitembelea Urusi. Vienna haikutaka Wafaransa na Warusi waisome barua wakiwa meza moja. Berlin ilipoarifu kuwa Poincaré angeondoka saa tano usiku, barua iliyopangwa kukabidhiwa Belgrade saa kumi na moja jioni ya tarehe 23 ikasogezwa hadi saa kumi na mbili. Saa moja tu, ili meli iwe imeng'oa nanga kabla habari haijafika. Mtu anayeteleza hahesabu dakika hivyo.

Serbia ilipewa saa 48. Ilijibu tarehe 25 ikikubali sehemu kubwa, ila ikakataa maafisa wa Austria kushiriki uchunguzi wa kimahakama ndani ya ardhi yake. Balozi wa Austria alilisoma jibu hilo harakaharaka, mizigo yake ikiwa imeshafungwa, na nusu saa baadaye alikuwa kwenye treni. Kaiser mwenyewe alipolisoma tarehe 28 aliandika kuwa kila sababu ya vita imeondoka, akashauri Austria iishike Belgrade tu na kusimama hapo. Bethmann aliupeleka ushauri huo Vienna jioni, tena akimwonya balozi wake asionekane anaizuia Austria. Siku hiyohiyo Austria ilikuwa imetangaza vita.

Sasa upande wa pili, na usiupitie juujuu, maana msahihishaji atakupima hapo. Mabomu na bastola za wauaji wa Sarajevo, Princip na wenzake, zilitoka kwa maafisa wa jeshi la Serbia waliokuwa chini ya Dimitrijević, aliyeitwa Apis, mkuu wa ujasusi wa kijeshi, na ni hao waliowavusha mpaka. Dola gani lingemeza hilo? Hofu ya Austria, milki ya mataifa zaidi ya kumi ya lugha tofauti tofauti, kwamba ikinyamaza itasambaratika, haikuwa ya kubuni. Ufaransa haikuituliza Urusi. Uingereza ilichelewa kusema wazi itafanya nini. Na Urusi ndiyo dola kubwa la kwanza kuita jeshi lake lote: Tsar Nicholas alitoa amri tarehe 29 Julai, akaifuta usiku huo baada ya simu ya maandishi ya Wilhelm, akairudisha tarehe 30.

Hoja hiyo ya Urusi ndiyo nzito kuliko zote za upande ule, kwa hiyo ipe aya yake nzima. Kisha iulize swali moja: kuita jeshi kulimaanisha nini kwa kila nchi? Jeshi la Urusi lingeweza kukusanyika na kusubiri ndani ya mipaka yake kwa wiki kadhaa huku mabalozi wakiendelea kuzungumza. Mpango wa Ujerumani haukuwa na nafasi ya kusubiri. Ulitaka Ufaransa ipigwe kwanza kupitia Ubelgiji kabla Warusi hawajajipanga, na mji wa Liège utekwe siku za mwanzo kabisa. Tarehe 1 Agosti Wilhelm alipotaka majeshi yote yaelekezwe mashariki, mkuu wa majeshi yake, Moltke, alimjibu kuwa haiwezekani. Kwa hiyo Urusi ilipunguza muda uliobaki, hilo tukiri. Lakini kwamba muda huo ukiisha lazima Ubelgiji ivamiwe, hilo lilikuwa limeandikwa Berlin miaka kabla.

Angalizo kuhusu ushahidi wenyewe. Baada ya Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao kifungu chake cha 231 kiliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara, kila serikali ilichapisha hati za kujisafisha, na wizara ya nje ya Ujerumani ilikuwa na kitengo maalumu cha kazi hiyo. Wafaransa nao walishachezea baadhi ya hati walizotoa mwishoni mwa 1914. Kumbukumbu za majenerali walizoandika wakiwa wamestaafu zipe uzito mdogo. Kilichoandikwa Julai, kabla mtu hajajua mwisho wake, kipe uzito mkubwa.

Ningeandika hoja kuu namna hii: miungano, silaha na utaifa viliifanya Ulaya iwe hatarini kwa miaka mingi, na Serbia na Urusi zilipunguza nafasi ya kurudi nyuma, lakini vita vya 1914 vilitokana hasa na uamuzi wa Vienna wa kuipiga Serbia na wa Berlin wa kuuunga mkono huku hatari ya Urusi ikijulikana. Sentensi hiyo haisemi Wajerumani walikuwa waovu kuliko wengine, wala haisemi walitaka vita vya dunia nzima. Inasema walikubali kubahatisha.

Neno linaloweza kubishiwa hapo ni "ikijulikana", nalo lina shahidi wake. Yule mmoja aliyepinga kwenye kikao cha tarehe 7 Julai alikuwa Tisza, waziri mkuu wa Hangari. Kesho yake alimwandikia Mfalme Franz Joseph kwamba kuishambulia Serbia, kadiri binadamu awezavyo kuona mbele, kutaileta Urusi na pamoja nayo vita vya dunia. Mfalme aliipata barua hiyo wiki mbili kabla ile nyingine haijafika Belgrade. Tarehe 14 Tisza naye akakubali, kwa sharti kwamba Austria isijiongezee ardhi ya Waserbia.